Sukari ya Usiku Inayojificha kwenye Chati

Chukua chati ya mama mmoja anayejidunga insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Kabla ya kifungua kinywa anasoma 12, siku tatu mfululizo. Saa mbili baada ya chai na chapati, 16. Lengo la wagonjwa wengi ni 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baadaye.

Mlimo wa baada ya chapati unaeleweka: unga mweupe huwa sukari haraka. Ile 12 ya alfajiri ndiyo yenye mtego. Wengi wangeongeza dozi ya jioni papo hapo, na hapo ndipo ninapoogopa. Muuguzi alimwomba kwanza apime saa tisa usiku. Kipimo kikasoma 3.1.

Chini ya 4 sukari imeshuka mno. Mama akakumbuka kwamba huamka shuka zimelowa jasho, kichwa kinamgonga, na mara nyingine hunywa soda gizani. Soda ile, pamoja na sukari ambayo ini humwaga mwili unapojihami, ndiyo inayoweza kuipandisha ya asubuhi. Kwa hiyo daktari alipunguza dozi ya jioni.

Kama saa tisa angesoma 9, maana ingegeuka: homoni za alfajiri huinua sukari hata bila kushuka kwanza, na huenda dozi ingehitaji kuongezwa. Kipimo cha asubuhi peke yake hakiwezi kuzitofautisha hali hizi mbili.