S ya Juu na S ya Mlangoni: Kuisoma Karatasi ya Mnada wa Japani

Usiku mmoja mdogo wangu alinitumia picha mbili kwa simu. Zote zilikuwa za Toyota IST, bei zinakaribiana, na wakala wake alikuwa anamharakisha achague. Hazikuwa picha za magari. Zilikuwa picha za karatasi za mnada wa Japani, zimepigwa kwa haraka, moja imekatwa kona.

"Kaka, hii ya kwanza ni 3.5, ya pili ni RA. Wakala anasema RA ni gari ya ajali. Nichukue ya kwanza?"

Nikamwambia asitume hela kwanza, tuzisome.

Karatasi hiyo huandikwa na mkaguzi wa mnada, si muuzaji. Katika mnada mkubwa kama USS Tokyo, ulioko Noda katika mkoa wa Chiba, maelfu ya magari huuzwa kwa siku moja, kwa hiyo kila gari hupata dakika chache tu. Mkaguzi hulizunguka, huchungulia chini, hufungua boneti na milango, huwasha injini. Hafungui gia boksi wala haliendeshi barabarani. Karatasi ikiwa kimya kuhusu gia boksi, usidhani gari limepimwa likafaulu. Kwenye karatasi hiyohiyo pia kuna sehemu inayojazwa na muuzaji, yenye kichwa セールスポイント. Hiyo ni ya sifa za gari, na muuzaji yeyote husifu mali yake. Maneno ya mkaguzi yako sehemu nyingine, mara nyingi yameandikwa kwa mkono na kwa kubanana. Hayo ndiyo ya kutafutiwa mtu wa kuyatafsiri.

Mdogo wangu alikuwa ameshateleza kwenye mwaka. Karatasi iliandika H18, naye akafurahi akidhani ni gari la 2018. H ni Heisei, enzi ya mfalme aliyetangulia. Ukiona H, jumlisha 1988: H18 ni 2006. Ukiona R mahali pa mwaka, ni Reiwa, enzi ya sasa. Jumlisha 2018, kwa hiyo R2 ni 2020. Na huo ni mwaka gari liliposajiliwa Japani kwa mara ya kwanza, si lazima uwe mwaka lilipotoka kiwandani.

Herufi za karatasi hii huwapotosha watu wengi kwa sababu herufi moja hubadilika maana kulingana na mahali ilipoandikwa. R kwenye mwaka ni enzi. R kwenye daraja ni gari lililotengenezwa baada ya kuumia. S kwenye kisanduku cha daraja, juu pembeni, ni sifa kubwa kabisa: gari karibu jipya. S hiyohiyo ikichorwa kwenye mlango ni kutu, kutokana na neno la Kijapani *sabi*. Basi kabla ya kuuliza herufi ina maana gani, angalia imekaa wapi.

Daraja lenyewe ni namba, na kadiri inavyopanda ndivyo gari linavyokuwa bora: 5 na 4.5 ni magari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina alama za matumizi zinazoonekana, 3 limechoka zaidi. Kando yake kuna herufi ya hali ya ndani; A ni safi, na kadiri unavyosogea kwenda C na D ndivyo viti na dashibodi vinavyokuwa vimechafuka au kuchakaa. R na RA hazimo kwenye ngazi hiyo. Hizo hujibu swali jingine: je, mifupa ya gari imewahi kuguswa? RA kwa kawaida ni ile ambayo kuguswa kwake kulikuwa kudogo. Minada haifanani katika mambo madogomadogo, kwa hiyo jua karatasi imetoka mnada gani.

Hapo kwenye mifupa ndipo wakala alipomchanganya mdogo wangu. Mlango, boneti, bampa na fenda ya mbele hufungwa kwa bolti. Vikibadilishwa vyote, Wajapani hawaliiti gari hilo la ajali. Wanaloliita hivyo ni lile ambalo nguzo zake, sakafu, paa, au vyuma virefu vya chesisi vimenyooshwa au kubadilishwa. Neno lao ni 修復歴. Na kutu, hata ikiwa mbaya, haimo katika hesabu hiyo.

Tukashuka kwenye mchoro, ule wa gari lililokunjuliwa kama boksi. Alama za kawaida si nyingi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni rangi yenye mawimbi pale fundi wa bodi alipotengeneza, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa: A1 unautafuta kwa macho, A3 unauona ukiwa mbali.

Gari la RA lilikuwa na XX kwenye boneti na XX kwenye fenda ya mbele kulia. Chini mkaguzi aliandika コアサポート交換, yaani fremu ya mbele inayoshika rejeta imebadilishwa. Soma vitu hivyo vitatu pamoja na utaliona tukio lenyewe: liligonga kitu kwa kona ya kulia, mbele, na pigo likaishia kwenye rejeta. Hakukuwa na neno サイドメンバー, vile vyuma virefu, wala ピラー, nguzo. Yangekuwapo, ningemwambia aliache palepale.

Gari la 3.5 halikuwa na XX hata moja. Lakini lilikuwa na S2 chini ya milango yote miwili ya kushoto, na C kwenye tao la gurudumu la nyuma. C ni kutu iliyokwisha kula bati. Kisha mkaguzi akaandika 下廻サビ: kutu upande wa chini. Magari ya namna hii mara nyingi hutoka Hokkaido na kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Boneti ikibadilishwa vizuri, shauri limekwisha. Kutu ya chini haisimami, na gari lilikuwa linakuja kulala Dar es Salaam, kwenye upepo wa bahari.

Nilimchagulia la RA, kwa masharti. Wakala atume picha ya karatasi nzima, kona zote nne zionekane, maana ile kona iliyokatwa ndiyo yenye daraja. Atume namba ya chesisi, tuilipie kuhakikiwa kwenye kumbukumbu za minada, kwa kuwa daraja na kilomita hubadilishwa kwenye picha kwa urahisi sana. Na atume cheti cha kuuzia gari nje ya Japani, ambacho mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali. Kilomita za cheti zikiwa nyingi kuliko za karatasi, mita imerudishwa nyuma.

Wakala alituma namba ya chesisi siku hiyohiyo. Karatasi ya mnada ikalingana na ile tuliyopewa, RA na zile XX mbili. Picha za chini ya gari zikaonyesha bati kavu.

Nawe ukitumiwa picha ya karatasi iliyokatwa kona, usilipe hata shilingi mpaka uione yote.