Mpigie Bosi wa Zamani Kabla Hawajampigia

Matangazo ya kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwa na sharti ambalo waombaji wengi hulipita mbiombio: taja wadhamini watatu wa kuaminika, pamoja na anwani na namba zao za simu. Vyeti huhangaikiwa, picha hupigwa, wakili hufuatwa agonge muhuri. Majina ya wadhamini huandikwa usiku wa mwisho, na namba ya bosi wa zamani huchukuliwa kwenye simu ilivyohifadhiwa miaka mitano nyuma. Ofisa ajira anapopiga, ama namba haipatikani, ama inapokelewa na mtu anayeuliza, "Unasema nani huyo?"

Hapo sheria haitakusaidia sana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka. Kenya ina sharti kama hilo katika kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa maelezo kuhusu tabia au utendaji wako. Cheti kinathibitisha kwamba ulikuwapo. Ulifanyaje kazi, hilo litasemwa na mtu kwa hiari yake, na hiari huombwa.

Tuchukue mfano wa dada aliyekuwa mtunza stoo ya dawa Dar es Salaam, ambaye sasa anaomba kazi ya ofisa ugavi katika shirika moja lililoko Mwanza. Mkurugenzi wake wa zamani ana jina kubwa mjini, lakini stoo aliingia siku za wageni tu. Meneja wa stoo, mama mmoja aliyekwisha kuhamia Dodoma, ndiye aliyehesabu naye maboksi kila mwisho wa mwezi. Wengi wangemwandika mkurugenzi. Mimi ningemwandika mama wa Dodoma bila kusita, kwa sababu atakayepiga simu hatauliza cheo chake. Atauliza kama binti alitunza kumbukumbu vizuri, kwa nini aliondoka, na kama mama angemwajiri tena. Swali hilo la mwisho halijibiki na mtu aliyekuona kwenye korido tu.

Ombi lenyewe lianze kwa sauti, si kwa ujumbe. Salamu, habari za nyumbani na za kazi mpya, kisha shida. Na swali lisiwe "Naweza kukuweka mdhamini wangu?" kwa maana kwetu ni wachache watakaokuambia hapana usoni. Aulize hivi: "Mama, kwa kazi ya namna hii, unaona unaweza kunisemea vizuri?" Swali la hivyo linampa mkubwa nafasi ya kukwepa kwa heshima, nawe unapaswa kusikiliza anavyokwepa. "Aah, we andika tu jina, hakuna shida," bila hata kuuliza ni kazi gani, si ndiyo ya kutegemewa. "Afadhali uwasiliane na ofisi" ni hapana iliyokamilika. Anayekubali kweli huuliza: kazi ni ya nini, iko wapi, wanataka nini. Ukisikia kusitasita, shukuru, usishinikize, tafuta mwingine. Mdhamini aliyelazimishwa hujibu kwa ufupi, na ufupi huo ofisa ajira huusoma kama onyo.

Akikubali, siku hiyohiyo atumiwe maandishi:

"Shikamoo Mama. Nashukuru sana kwa kunikubalia. Kazi ni ya Ofisa Ugavi, Mwanza. Tangazo na wasifu wangu nimekutumia kwenye barua pepe. Nilikuwa chini yako kuanzia Machi 2018 hadi Juni 2021 kama Mtunza Stoo, nikaondoka mkataba ulipoisha. Wanatafuta mtu anayejua kudhibiti dawa zinazokaribia kuisha muda, kwa hiyo huenda wakakuuliza kuhusu ule utaratibu wetu wa kutoa kwanza dawa yenye tarehe ya karibu. Kama kuna nilipokosea tarehe, naomba unisahihishe. Wakiniita nitakujulisha."

Tarehe zimewekwa kwa makusudi. Mama amesimamia watu wengi tangu hapo, na akisema 2019 wakati wasifu unasema 2018, anayeonekana mwongo ni mwombaji. Sababu ya kuondoka nayo ilingane, na iwe ya kweli. Kuhusu ule utaratibu wa dawa, binti amemkumbusha jambo walilolifanya pamoja, basi. Hakumwandikia maneno ya kusema. Anayekariri hujulikana kwa swali la pili tu.

Sasa inakuja sehemu inayosahaulika zaidi. Maombi yametumwa, wiki zinapita, na mama wa Dodoma hajui kinachoendelea. Binti akiitwa kwenye usaili, amwambie kwa sentensi mbili. Mwisho wa usaili, anapopewa nafasi ya kuuliza, aulize: mtawasiliana na wadhamini lini, na kwa njia gani? Jibu lake ndilo litakalobeba ujumbe muhimu kuliko wote: "Mama, usaili umeisha salama. Wamesema wataanza kuwatafuta wadhamini Jumatatu. Huenda ukapigiwa na namba usiyoijua, au ukatumiwa fomu kwa barua pepe. Usipoiona, naomba uangalie na kwenye barua taka." Watu wazima wengi siku hizi hawapokei namba ngeni, kwa kuogopa matapeli, nami siwalaumu. Ujumbe huo ndio unaomfanya apokee.

Kama mama yuko safarini wiki hiyo, shirika liambiwe mapema, pamoja na njia mbadala ya kumpata. Tena mashirika mengi hupendelea barua pepe ya ofisi kuliko ya binafsi, maana ya binafsi yeyote anaweza kuifungua kwa jina la mwingine. Baadhi ya mashirika ya misaada hufuata pia mpango wa kupeana taarifa za utovu wa nidhamu ulioanza 2019: huiuliza ofisi ya rasilimali watu ya waajiri wako wa miaka mitano iliyopita kama uliwahi kupatikana na hatia ya unyanyasaji wa kingono. Hilo halipiti kwa mdhamini wako, wala yeye hawezi kukusaidia nalo.

Ikiwa kimya kitaendelea, ujumbe mmoja baada ya wiki mbili au tatu unatosha: bado hawajanijibu, nitakuarifu. Asimuulize mama alisema nini kwenye simu. Asimtumie hela ya soda pia, angalau mchakato ukiwa haujaisha. Nia inaweza kuwa njema, lakini ushuhuda unaotanguliwa na muamala unanuka.

Majibu yakitoka, mama ayasikie kwa binti mwenyewe kabla hajayaona kwenye status ya WhatsApp. Na asipopata kazi ndipo inapobidi apige hasa. Wengi hunyamaza kwa aibu, kisha miezi sita baadaye wanarudi na ombi jipya, na mkubwa anagundua kwamba hakuwahi kuambiwa la kwanza liliishaje. Inatosha kusema: "Mama, safari hii wamemchukua mwingine. Nashukuru kwa muda wako. Ikitokea nyingine, nitakuomba upya."

Hayo maneno "nitakuomba upya" yachukuliwe kwa uzito. Kwenye Ajira Portal majina ya wadhamini hubaki katika wasifu wako, tayari kwa tangazo linalofuata, lakini ridhaa uliyopewa ilikuwa ya kazi ya Mwanza. Kabla hujatuma maombi mengine, piga simu kwanza, uthibitishe namba na uombe tena.