Fundi bomba, cheti chako kinasema nini?

Mafundi bomba wawili wanaomba kazi ya bafu lako. Mmoja ana cheti cha Gredi ya Tatu, mwingine ana cheti cha Ngazi ya Tatu, na vyote ni vya ufundi bomba. Wengi wataona hawa wawili wako sawa, lakini hawako sawa.

Katika mfumo wa zamani wa majaribio ya ufundi nchini Tanzania, fundi alianzia Gredi ya Tatu na kupanda hadi Gredi ya Kwanza. Kwa hiyo namba ndogo ndiyo ilikuwa na uzito. Katika vyeti vya sasa vya ufundi stadi, hesabu imegeuka: Ngazi ya Kwanza ni ya chini, ya Tatu ni ya juu. Kwa majirani wa Kenya, majaribio ya NITA bado yanapanda kutoka Gredi ya Tatu kwenda ya Kwanza. Ndiyo maana kuuliza "una cheti?" hakutoshi. Kisome uone ni cha mfumo upi, cha fani gani na cha ngazi ipi. Jina lilinganishe na kitambulisho, na kama una shaka, peleka namba ya cheti kwa mamlaka iliyokitoa.

Mtihani wa ufundi una nadharia na vitendo, na vitendo ndivyo vinavyomhusu mwenye nyumba. Chukua bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa mashine ya moto. Mashine huwekwa nyuzi joto 260, na bomba la milimita 20 hupashwa kwa sekunde 5 hivi kabla ya kusukumwa ndani ya kiungo bila kulizungusha. Likipashwa kidogo, kiungo hakishikani na siku moja kitavuja. Likizidishwa, plastiki huyeyuka kuelekea ndani na kuziba sehemu ya njia ya maji. Kwa nje kiungo kitaonekana kizuri tu. Utakuja kushangaa mbona koki ya uani inatoa maji kwa nguvu na bafu linadondosha, na kufikia hapo bomba limeshafunikwa kwa plasta na marumaru.

Cheti kinaonyesha kwamba fundi aliwahi kupimwa. Hakithibitishi kwamba kazi ya leo imefanywa vizuri, hivyo dai ushahidi wa pili: kipimo cha presha kabla ya plasta. Fundi huziba ncha zote, hujaza maji, hutoa hewa, kisha husukuma kwa pampu ya mkono yenye geji hadi mara moja na nusu ya presha ambayo mabomba yatafanyia kazi. Ikiwa maji ya mtaa huja kwa baa 4, basi pima kwa baa 6. Mwanzoni mshale utashuka kidogo kwa sababu PPR hutanuka. Asukume tena, asubiri. Ukiendelea kushuka hata baada ya hapo, kuna kiungo kinachovuja na kitafutwe kabla ukuta haujafungwa. Andika sharti hili kwenye makubaliano, na sehemu ya malipo isubiri geji itulie.

Anayejenga nyumba nzima ana swali jingine la kuuliza: mwenye cheti ndiye atakayeshika mashine? Si ajabu fundi mwenye karatasi kuja kupatana bei, kisha kazi ikafanywa na saidia fundi peke yake. Na ukiipa kampuni kazi ya ukandarasi, cheti cha fundi wake hakichukui nafasi ya usajili. Cheti hupima ujuzi wa mtu. Ruhusa ya kampuni kufanya kazi hiyo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Kuunga bomba la mamlaka ya maji nako si kazi ya fundi wa mtaani, hata awe na ngazi gani. Omba maunganisho kwenye mamlaka yenyewe, kisha fundi wako aanzie baada ya mita.

Je, fundi aliyejifunza kwa kumfuata fundi mwingine kwa miaka mingi afungiwe mlango? Hapana. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kwa kile anachokifanya, hufundishwa mapengo yake, kisha hupewa cheti. Ikiwa fundi unayemwamini hana karatasi, mwelekeze huko. Kabla hajaipata, mpe kazi inayoonekana kwa macho, kama kubadilisha koki au sinki. Mabomba ya kufukiwa ukutani mpe aliyepimwa, na geji isomwe wewe ukiwepo.