Siku kumi na tano za Februari

Mtoto wa kike kazaliwa 20/3/2024, kapimwa 5/2/2025: kilo 6.8. Ukihesabu majina ya miezi kwa vidole unapata 11, na kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani msichana wa umri huo aliye chini ya kilo 6.9 ana uzito pungufu. Lakini mwezi wa kumi na moja haujatimia. Bado siku kumi na tano. Jedwali la mhudumu wa afya ya jamii huhesabu miezi iliyotimia tu:

```
=DATEDIF(B2,C2,"M")
```

Jibu ni 10, mpaka ni 6.7, na seli haiwi nyekundu. Hata hivyo, gramu mia juu ya mstari si nyingi. Mimi ningetazama uzito wa mwezi uliopita kwanza.