KAMPUNI YA MACKINNON ILIANZA LINI?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa kikitayarisha ubao wa maonyesho juu ya barabara ya zamani ipitayo Kibwezi, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1890 na kampuni ya Mackinnon. Tukakwama kwa jambo dogo tu: kampuni yenyewe ilianzishwa lini, na nani? Mwenzetu wa Kitui alikuwa na kitabu kisemacho 1888. Wa Makueni naye akatoa chake: 1887! Mabishano yakapamba moto, kila mtu na kitabu chake.

Mwalimu hakusema nani ameshinda. Alituuliza tu, "Huo mwaka umetoka katika karatasi gani?" Hapo ndipo macho yalipofunguka.

Mei 24, 1887, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi hati ya kuwapa Mackinnon na wenzake madaraka ya kutawala sehemu ya pwani yake kwa miaka 50. Lakini hati hiyo ilipewa chama kilichotangulia kampuni. Kampuni yenyewe iliundwa Aprili 1888, na Septemba 3 mwaka huo huo Malkia Viktoria akaipa hati ya kifalme. Kwa hivyo vitabu vyote viwili havikudanganya. Kimoja kilihesabu tangu ruhusa, kingine tangu kuundwa kwa kampuni.

Je, tungejuaje ipi ilitangulia kama tarehe zingefutika? Soma ndani ya karatasi. Hati ya malkia inataja ruhusa ya Sultani kama jambo lililokwisha kufanyika. Karatasi inayomtaja mwenzake haiwezi kumtangulia.

Sasa waanzilishi. Wengi wetu tulimtaja Mackinnon peke yake, na mmoja akamwongeza Lugard. Hati ya malkia ina orodha ya walioiomba. Mackinnon yumo, lakini pia wamo Lord Brassey, Sir John Kirk na George Mackenzie, miongoni mwa wengine. Lugard hayumo, kwani yeye aliajiriwa baadaye. Umaarufu wake huku bara ndio uliotupoteza. Mtu aliyeonekana na wengi si lazima awe ndiye aliyeanzisha.

Tahadhari nyingine ni misheni ya Waskoti ya Kibwezi, ya mwaka 1891. Mackinnon na wakurugenzi wenzake waliichangia fedha, basi watu husema ni ya kampuni. La! Fedha za wakurugenzi na fedha za kampuni ni vitu viwili.

Basi ubaoni tuliandika hivi: "Ruhusa ya Sultani 1887, kampuni kuundwa Aprili 1888, hati ya malkia Septemba 1888." Mistari imekuwa mirefu kidogo, lakini Kitui na Makueni wamepatana. Nawe ukikuta miaka miwili ya kuanzishwa kwa duka au kiwanda cha kwenu, usikimbilie kuchagua mmoja. Uliza kwanza kila mwaka ni wa tukio gani.