Je, Wajua? Wastani wa mvua unaweza kumponza mkulima

Mkulima wa Shinyanga hupanda kabla ya kujua mvua itakuwaje. Mwaka 1955 mwanahisabati George Dantzig alichapisha hesabu ya uamuzi wa namna hiyo: hatua ya kwanza ni kupanda, ya pili ni kurekebisha mvua ikishajulikana, kwa kuuza ziada, kununua chakula au kwenda kuchimba dhahabu Geita.

Tuchukue mfano wa ekari 4 na familia inayohitaji gunia 16. Ekari ya mahindi hutoa gunia 10 mvua ikiwa nzuri, 1 ikiwa mbaya. Mtama hutoa 6 au 4. Kwa wastani mahindi yanashinda, 5.5 kwa 5. Lakini ziada huuzwa shilingi 40,000 kwa gunia, na wakati wa ukame gunia hununuliwa 100,000. Kama uwezekano ni nusu kwa nusu, mahindi matupu yanaleta hasara ya wastani wa shilingi 120,000, na mtama mtupu faida ya 160,000. Bei ya kununua ndiyo inayopindua hesabu. Mvua ikiwa nzuri miaka miwili kati ya mitatu, mahindi yanashinda kidogo, kwa hiyo kukadiria vibaya uwezekano wa mvua kunatosha kuharibu mpango wote.