Barua Pepe Imefika: Nani Ataisoma, na Lini?

Mwananchi anaiandikia idara ya ardhi ya halmashauri yake kuuliza jalada la kiwanja chake limefikia wapi. Dakika haijaisha, jibu limerudi: "Asante kwa barua pepe yako. Inafanyiwa kazi." Lakini hakuna aliyeifungua. Mfumo umetangaza jambo ambalo bado halijatokea, na mwenye kiwanja amebaki hajui amngoje nani wala mpaka lini.

Ukipeleka barua masjala kwa mkono, karani huigonga nakala yako muhuri wa kupokelewa na kuandika tarehe. Muhuri ule hausemi kwamba ombi lako limekubaliwa, wala kwamba mkuu wa idara amelisoma. Unasema barua imefika, na siku fulani. Jibu la kompyuta linapaswa kuwa na uaminifu uleule, kisha liongeze kile ambacho muhuri haukuwahi kusema: hatua inayofuata ni ipi, inafanywa na nani, na mwisho wake ni siku gani.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuandika. Mkuu wa idara akae na karani wa masjala waulizane: sanduku hili hufunguliwa mara ngapi kwa siku? Akiugua anayelifungua, nani anashika nafasi yake? Barua ya mgogoro wa mpaka hufika kwa afisa ardhi baada ya siku ngapi? Kama jibu la kweli ni siku 5 za kazi, waandike 5. Ofisi zinapokosea hapa, huandika saa 24 kwa sababu inapendeza, na siku ya pili simu zinaanza kulia.

Tuchukue barua iliyofika Jumatano tarehe 6 Agosti 2025. Siku 5 za kazi zinaishia lini? Anayehesabu kwa vidole atasema Jumatano ya tarehe 13. Lakini Ijumaa ilikuwa Nanenane na ofisi zilifungwa, kwa hiyo mwisho ni Alhamisi tarehe 14. Ndiyo maana tarehe kamili ni bora kuliko idadi ya siku, mradi mfumo unaweza kuikokotoa na umepewa orodha ya sikukuu. Kama hauwezi, andika "siku 5 za kazi, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za taifa." Jibu la idara yetu lingekuwa hivi:

> Yah: Barua yako imefika, Kumb. Na. ARD/2025/0147
>
> Ndugu,
>
> Barua pepe yako imefika Idara ya Ardhi leo, Jumatano 6 Agosti 2025. Karani wa masjala ataisoma, na kufikia Alhamisi 14 Agosti atakujulisha imepelekwa kwa afisa gani na kama kuna kiambatisho kinachokosekana.
>
> Huna haja ya kuituma tena. Ukiwa na nyongeza, tafadhali jibu ujumbe huu bila kubadili namba iliyo juu.
>
> Tarehe hiyo ikipita hujapata taarifa, piga simu ya masjala siku za kazi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na utaje namba hiyo.
>
> Ujumbe huu umetumwa na mfumo kuthibitisha kuwa barua imefika. Haumaanishi kuwa ombi limekubaliwa au limekamilika.
>
> Idara ya Ardhi

Adabu ya ujumbe huu haitokani na maneno matamu. "Ndugu" inatosha, maana kompyuta haijui kama aliyeandika ni mzee wa kijiji, mwanafunzi au mbunge. "Karani ataisoma" ni heshima kubwa kuliko "itashughulikiwa", neno linalomficha mtendaji. Sentensi ya "huna haja ya kuituma tena" nayo inaisaidia ofisi yenyewe: bila hiyo, mwenye wasiwasi hutuma mara tatu, na masjala inafungua majalada matatu kwa jambo moja.

Taarifa ya likizo ni kitu kingine. Ile ya juu inatoka kwa idara, hii inatoka kwa mtu, na swali lake kubwa huwa halijibiwi: je, barua niliyotuma inasomwa na mwingine, au inalala mpaka urudi? Afisa ardhi wa idara hii, aliyekwenda likizo ya siku 28, angeandika:

> Ndugu,
>
> Nipo likizo tangu 4 Agosti na nitarejea kazini Jumatatu 1 Septemba 2025. Katika kipindi hiki barua zinazofika hapa hazisomwi wala hazipelekwi kwa mtu mwingine.
>
> Maombi ya hati na migogoro ya mipaka yako kwa Kaimu Afisa Ardhi. Tafadhali itume barua yako kwa anwani ya idara iliyo hapa chini. Kama jambo lako linaweza kusubiri, nitalisoma katika wiki ya kwanza ya Septemba.

Taja cheo cha kaimu na anwani ya idara, usitaje simu ya mkononi ya mtu. Usiseme uko nje ya nchi au nyumbani kijijini. Ujumbe huu humfikia yeyote anayekuandikia, tapeli akiwemo. Na kabla ya kuuwasha, hakikisha kaimu mwenyewe hayuko likizo, kwa sababu mwananchi anayerushwa kutoka sanduku moja lililofungwa hadi jingine amedharauliwa hata kama kila ujumbe ulianza kwa "asante".

Sheria nayo haiendi likizo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2016 kuhusu haki ya kupata taarifa inaipa taasisi siku 30 za kumjibu mwombaji. Ya Kenya, ya mwaka huohuo, inatoa siku 21, na saa 48 pale ombi linapohusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi la taarifa lililoingia sanduku la afisa wetu tarehe 6 Agosti na kulala humo hadi 1 Septemba limekwishakula siku 26. Jibu la kompyuta halikusimamisha hesabu. Maombi ya namna hiyo yawe na anwani ya idara inayofunguliwa kila siku ya kazi, na afisa alielekeze hivyo katika taarifa yake ya likizo.

Kuna kosa moja la kiufundi linalowanasa wengi: kutumia kitufe cha likizo kuthibitisha mapokezi ya sanduku la idara. Kitufe hicho kimetengenezwa kisimchoshe mtu. Outlook humjibu kila mtumaji mara moja tu kwa kipindi chote kikiwa kimewashwa. Gmail, kwa kawaida, mara moja katika siku 4. Mwananchi aliyeandika Jumatatu kuhusu hati na Jumanne kuhusu kodi ya ardhi atapata uthibitisho wa kwanza, wa pili hautakuja, naye ataamini barua imepotea. Uthibitisho unatakiwa kwa kila barua na kila moja na namba yake, kwa hiyo unahitaji mfumo wa kusajili barua. Idara isiyo na mfumo huo ni afadhali karani aitume kwa mkono, akinakili maneno yaleyale na kujaza namba.

Mfumo wenyewe pia usijibizane na mashine. Sanduku mbili zenye majibu ya kompyuta zinaweza kujibishana usiku kucha mpaka zijae. Waraka wa kiufundi RFC 3834 wa mwaka 2004 uliweka alama ya kichwa cha ujumbe ya kuzuia hilo:

```
Auto-Submitted: auto-replied
```

Mtaalamu wa TEHAMA ahakikishe majibu ya idara yanabeba alama hiyo, na kwamba mfumo haujibu ujumbe wowote ulio nayo. Kisha, kutoka akaunti binafsi isiyo ya ofisi, atume barua mbili zenye mada tofauti siku moja. Zirudi namba mbili. Aifungue ile ya kwanza kwenye simu ndogo, apige namba ya masjala iliyomo saa 3 asubuhi, aone kama inapokelewa na kama anayeipokea anaweza kuitafuta barua kwa namba hiyo.